Mtandao Ukikatika Katikati ya Mtihani

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mtahiniwa aliyekwama siku kama hiyo ana ushahidi ambao mtahini anaweza kuuhakiki mwenyewe. Aliyekatikiwa peke yake chumbani ana kazi zaidi.

Barua yake isimame juu ya saa. Kwenye Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi, muda wa mtihani huhesabiwa na seva, kwa hiyo hausimami mtandao ukikatika. Majibu hujihifadhi kila baada ya muda mfupi, na kumbukumbu za seva huonyesha la mwisho lilifika lini. Mtahini atazifungua hizo kabla ya kumwonea mtu huruma.

Basi aandike hivi: "Mwalimu, nilianza saa 4:00 asubuhi (10:00). Mtandao ulikatika saa 4:37 (10:37) nikiwa swali la 14 kati ya 30. Nilijaribu kuingia kwa simu, ikashindikana. Saa 4:45 (10:45) nilimpigia msimamizi. Naomba kurudia mtihani." Saa za mabano zina kazi yake, maana seva haiijui saa nne yetu ya asubuhi. Aambatanishe picha ya skrini yenye ujumbe wa hitilafu. Picha inayoonyesha kifurushi kimeisha, kusema kweli, itamponza.

Barua iende siku ileile. Ikija baada ya matokeo, husomwa kama malalamiko ya alama.