"e" Moja ya Ziada kwa Mchumba wa Kike

Raia wa Marekani anayetaka kumleta mchumba wake kutoka ng'ambo ili wafunge ndoa huko huanza kwa kujaza fomu namba I-129F. Ombi likipita, mchumba hupewa viza ya K-1, na tangu siku anapoingia nchini wawili hao wana siku 90 za kuoana. Aliyewahi kuishika fomu hiyo, awe wa Mombasa au wa Bukavu, huenda aliona neno la ajabu kidogo kwenye kichwa chake: Fiancé(e). Juu ya herufi moja pana kistari, na nyuma yake kuna e nyingine iliyofungiwa ndani ya mabano.

Mabano hayo hayakuwekwa kwa pambo. Neno hili Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa, na katika kuliandika kimebaki na sura mbili. Mchumba wa kiume ni fiancé. Mchumba wa kike ni fiancée. Mwandishi wa fomu hajui mwombaji anamwombea mwanamume au mwanamke, basi ameandika yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Wengi wanaojifunza Kiingereza hukwama hapa, na mara nyingi hukwama kwa sababu wanachanganya mambo mawili. Kistari ni suala la matamshi, na Kiingereza kina mazoea ya zamani ya kukitupa. Ile e ya mwisho ni suala la sarufi ya Kifaransa, nayo haitupwi hata pale kistari kinapoachwa. Anayeandika fiance na fiancee bila kistari chochote yuko salama kwa wahariri wengi. Anayemwita bibi harusi mtarajiwa fiancé, pamoja na kistari chake kilichonyooka vizuri, amekosea tahajia.

Tuanze na e. Kifaransa kina kitenzi fiancer, yaani kuwafungamanisha watu kwa ahadi ya ndoa, na shina lake ni neno la kale lenye maana ya kuaminiana. Kutokana na kitenzi hicho hupatikana neno la kumtaja mtu aliyefungwa na ahadi hiyo, na kwa vitenzi vya aina hii neno hilo huishia na é. Sarufi ya Kifaransa hugawa maneno kwa jinsia, ya kiume na ya kike, na njia ya kawaida ya kulifanya neno liwe la kike ni kuliongezea e mwishoni. Hiyo e haisikiki. Mfaransa hutamka fiancé na fiancée kwa namna moja, karibu na "fyanse" yenye sauti ya puani katikati.

Hata hivyo msikilizaji wa Kifaransa hapotei, kwa kuwa maneno ya jirani humsaidia. Mwanamke husema "mon fiancé", mwanamume husema "ma fiancée", na ile mon au ma imeshamaliza kazi kabla neno lenyewe halijafika. Msemaji wa Kiswahili wa Bujumbura au Goma aliyesoma shule kwa Kifaransa hulijua jambo hili bila kulifikiria. Kiingereza hakina msaada huo: "my" ni ile ile kwa wote. Kwa hiyo neno lilipovuka mlango wa bahari, mzigo wote wa kuonyesha jinsia uliiangukia herufi moja isiyosikika, na huonekana kwa msomaji tu.

Inashangaza kwamba Kiingereza, ambacho kiliacha kugawa nomino zake kwa jinsia karne nyingi zilizopita, kimekubali kuubeba mzigo huo. Maelezo yako kwenye umri wa neno.

Maneno ya Kifaransa hayakuingia Uingereza kwa siku moja. Kundi kubwa la kwanza lilikuja na Wanormani walioiteka nchi mwaka 1066. Wakati huo vistari tunavyoviona leo katika Kifaransa havikuwapo kabisa. Wachapaji wa Paris, miongoni mwao Robert Estienne, ndio walioanza kuvitumia katika karne ya 16, na Akademia ya Kifaransa haikuvieneza kwa utaratibu hadi toleo la kamusi yake la mwaka 1740. Maneno yaliyohamia Uingereza mapema yalihama bila alama, yakakaa, yakageuka wenyeji. Cité ya Wafaransa ikawa city, liberté ikawa liberty. Hata ile -ée ya kike ilimezwa: armée, yaani jeshi, ikawa army, na journée, yaani muda wa siku moja, ikawa journey, safari. Hakuna Mwingereza aliyekaa akavifuta vistari vya maneno haya, kwani hapakuwa na cha kufuta.

Neno moja linaonyesha tofauti ya nyakati kuliko mengine. Entrée, yaani kuingia, lilichukuliwa kwanza katika Enzi za Kati na likawa entry. Karne nyingi baadaye Waingereza walilichukua tena, safari hii kwa mambo ya mapokezi na meza ya chakula, na mara ya pili lilibaki entrée na kistari chake. Ni neno lile lile, lililopita mlango ule ule mara mbili kwa mavazi tofauti.

Katikati ya makundi hayo mawili wako wanasheria. Mahakama za Uingereza ziliendelea kwa karne kadhaa kutumia aina yao ya Kifaransa, na humo mwisho wa -é uliandikwa -ee. Ndiyo asili ya lessee, anayepangishwa, na maneno mengine ya mikataba. Mwisho huo ulizoeleka kiasi cha kuwa wa Kiingereza halisi, ukapoteza jinsia, ukabaki kumtaja yeyote anayetendewa jambo. Employee, mwajiriwa, ni mume au mke. Katika karne ya 19 Waingereza wengi waliliandika employé kwa mtindo wa Kifaransa, lakini -ee ya wanasheria ikashinda. Anayeona e mbili mwishoni mwa neno la Kiingereza asikimbilie kudhani anasoma habari za mwanamke.

Fiancé ni mgeni wa karibuni. Liliingia katikati ya karne ya 19, wakati Kifaransa kilikuwa lugha ya adabu kwa tabaka la juu, nao walioliingiza walikuwa wakikijua Kifaransa vizuri. Kiingereza kilikuwa tayari na neno lake la zamani, betrothed, linalowafaa wachumba wote wawili kama mchumba yetu inavyowafaa. Lakini fasheni ilikuwa upande wa Kifaransa, na watu wale wasingethubutu kumwandikia binti wa watu neno la kiume. Desturi yao ikaingia kwenye kamusi, na kamusi zimeishikilia.

Jamaa zake hawakuwa na bahati sawa. Née, neno linalotangulia jina la ukoo ambalo mwanamke alizaliwa nalo, kama katika Michelle Obama, née Robinson, limebaki na umbo la kike kwa kuwa wanaoacha jina la kuzaliwa kwa ndoa ni wanawake zaidi. Kwa mtalaka, Wamarekani bado hutenganisha divorcé na divorcée, lakini mwongozo wa tahajia wa gazeti la The Guardian la Uingereza unaagiza divorcee kwa wote wawili, ilhali wachumba unawatenganisha. Huo si msimamo unaolingana, ila ndivyo lugha ilivyokwenda.

Sasa kistari. Hapa Kiingereza kinaongozwa na swali moja, ingawa hakuna aliyelitunga kuwa sheria: je, alama inamfaa msomaji? Rôle, élite na dépôt ziliingia na alama zake, na zote leo huandikwa role, elite na depot. Hôtel ilikuwa na kofia juu ya o. Kwa Mfaransa kofia ile ni kumbukumbu ya s iliyodondoka, na s hiyo hiyo Kiingereza kimeihifadhi katika hostel, neno kilichochukua mapema kabla halijabadilika. Kwa msomaji wa Kiingereza kofia haisemi lolote kuhusu kutamka hotel, basi ikaondoka.

Mambo hubadilika kistari kinapokaa juu ya e ya mwisho. Mazoea ya Kiingereza ni kwamba e ya mwisho haitamkwi, na é ndiyo inayomwonya msomaji kwamba hii inatamkwa. Ukikiondoa katika exposé, habari ya kufichua maovu, unabaki na expose, kitenzi cha kufichua. Ukikiondoa katika rosé, mvinyo wa waridi, unabaki na rose, ua lenyewe. Résumé, wasifu wa kuombea kazi, hugeuka resume, kuendelea na shughuli iliyosimama. Ndiyo maana The Guardian, linaloandika cafe bila alama, linaziacha alama za exposé na résumé. Jarida la The Economist limekwenda mbali kidogo: linaziweka hata kwenye café na façade kwa sababu zinabadilisha matamshi, lakini elite na naive linaziandika tupu.

Fiance bila kistari haligongani na neno lingine lolote la Kiingereza, na kwa hiyo linavumilika. Hatari yake iko kwingine. Kidole kikiteleza na kuongeza n, neno linakuwa finance, mambo ya fedha, na kikagua tahajia cha kompyuta hakitasema kitu kwa kuwa finance ni neno sahihi.

Mashine nazo zilichangia kuvifukuza vistari. Taipureta ya kawaida ya Kiingereza haikuwa na kitufe cha é. Mfumo wa herufi wa kompyuta uitwao ASCII, uliotolewa mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, na hakuna hata moja iliyopewa herufi yenye alama. Leo é inaandikika kila mahali: kwenye simu ni kuibonyeza e na kuishikilia hadi herufi zake zitokeze, na kwenye Windows ni kushikilia Alt huku ukipiga 0233 kwenye kibodi ya namba.

Walakini kuandikika si kusomeka. Mfumo wa sasa wa UTF-8 huhifadhi é kwa baiti mbili, na programu kongwe ikizisoma kama herufi mbili, kadi ya mwaliko hutoka na fiancÃ©. Alama hizo mbili za ajabu zikionekana, ujue herufi haikupotea, imesomwa kwa mfumo usio wake, na dawa ni kulifungua faili upya kwa UTF-8.

Kosa la mkono ndilo linaloonekana zaidi. Watu huandika fianceé, kistari kikiwa juu ya e ya mwisho, au fiancèe, kistari kikiwa kimelala upande usio wake. Kistari sahihi huinuka kuelekea kulia, na hukaa juu ya e inayosikika, ambayo katika fiancée ni ile ya kwanza kati ya mbili. Ile ya mwisho haisikiki, kwa hiyo haina cha kuwekewa alama. Mahali ambapo mfumo unakataa é, kama ilivyo kwa baadhi ya masanduku ya kujazia mtandaoni, kinachoachwa ni kistari peke yake: mwanamume ataandikwa fiance, na mwanamke ataandikwa fiancee, e zake zote mbili zikiwapo.