Kumbukumbu Inayochakaa kwa Kuandikwa

Februari 2021 kampuni ya Tesla iliyaita magari yake karibu 135,000 nchini Marekani yarudi karakana. Injini hazikuwa na hitilafu, wala breki. Ubovu ulikuwa kwenye kipande cha kumbukumbu cha gigabaiti 8, kidogo kama ukucha wa dole gumba, ndani ya kompyuta inayoendesha ile skrini kubwa ya katikati. Kipande hicho kikifa, skrini inazimika, na dereva anayerudi nyuma haoni tena picha ya kamera. Mipangilio ya kuondoa ukungu kiooni na mlio wa indiketa navyo huathirika.

Kilichokiua ni kuandikwa. Kilikuwa kumbukumbu ya flashi, jamaa wa ile iliyomo kwenye simu yako, na flashi huchakaa kila inapofutwa ili iandikwe upya.

Aliyezoea diski ya sumaku atashangaa. Ninayo moja mezani niliyoifungua kwa bisibisi: ndani mna sahani mbili zinazong'aa kama kioo, na mkono mwembamba wenye kichwa kidogo sana nchani. Kichwa hicho hugeuza usumaku wa vijidoa kwenye sahani, na kijidoa kilichogeuzwa leo kinaweza kugeuzwa kesho na keshokutwa bila kudhoofika. Data mpya inaandikwa palepale juu ya ya zamani. Diski ya namna hii hufa kwa sababu nyingine: mota imechoka, au imeanguka na kichwa kikakwaruza sahani.

Adhabu yake ni kusubiri. Sahani ya diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Ukihitaji kipande fulani cha data, kwanza mkono usogee hadi kwenye njia yake, kazi ya takriban milisekunde 9, kisha usubiri sahani ikilete kipande hicho chini ya kichwa, kwa wastani nusu mzunguko, milisekunde 4 na ushei. Jumla ni kama 13. Ni muda mfupi kwa binadamu, lakini programu inapofunguka inaweza kuomba vipande 3,000 vilivyotawanyika huku na huko. Zidisha: sekunde 39. Flashi haina mkono wa kusogeza wala sahani ya kusubiri, na humjibu mwombaji kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vipande vilevile 3,000, vikisomwa kimoja baada ya kingine, huchukua takriban sehemu tatu za kumi za sekunde. Ndiyo maana kompyuta kuukuu iliyowekewa SSD huonekana kama imezaliwa upya.

Sasa tuone upande wake wa pili. Flashi hutunza data kwa kufungia elektroni ndani ya seli, nyuma ya utando mwembamba usiopitisha umeme. Kuandika ni kuzisukuma elektroni ziingie, na kufuta ni kuzitoa kwa msukumo mkubwa wa umeme. Kila safari kama hiyo huujeruhi utando kidogo, hadi siku seli inaposhindwa kushika ilichopewa. Mhandisi Mjapani Fujio Masuoka, aliyeitangaza teknolojia hii mwaka 1984 akiwa Toshiba, aliifanya iwe ya bei nafuu kwa kukubali sharti moja: seli nyingi zifutwe kwa pamoja, kwa mkupuo. Mwenzake kazini aliuona ufutaji huo ukifanana na mmweko wa kamera, ndipo jina likapatikana.

Sharti hilo ndilo chanzo cha mengi. Wanaoukumbuka ubao wa chuoni, ule wa mbao ulioandikwa kwa wino, watanielewa haraka: somo likiisha, ubao unaoshwa wote. Flashi imegawanywa kurasa, tuseme za kilobaiti 16, na kurasa 256 hufanya bloku moja ya megabaiti 4. Unaweza kuandika ukurasa mmoja mmoja ukiwa safi. Kuufuta peke yake huwezi; bloku nzima huoshwa.

Kwa hiyo ukibadilisha neno moja kwenye barua yako, flashi haigusi ukurasa wa zamani. Inaandika toleo jipya kwenye ukurasa safi mahali pengine, inarekodi kwamba barua imehama, na ule wa zamani unabaki kama taka. Baada ya muda kurasa safi huadimika, na kidhibiti, kile kichakataji kidogo kinachoisimamia flashi, hulazimika kusafisha. Huchagua bloku, huhamisha kurasa ambazo bado zina data hai, kisha huiosha.

Hapo ndipo gharama iliyojificha inapoingia. Chukua bloku yenye kurasa 192 hai na 64 za taka. Ili upate nafasi ya kurasa 64 tu, kidhibiti kinanakili zile 192 kwanza. Wewe umeandika kurasa 64, flashi imeandika 256. Maandishi yako yamezidishwa mara nne, na uchakavu nao mara nne. Kama uwiano ungekuwa kinyume, 64 hai na 192 za taka, kuzidishwa huko kungekuwa mara moja na theluthi tu. Ndiyo sababu nasisitiza kwa kila anayeniuliza: usiijaze SSD pomoni. Flashi iliyojaa hukosa bloku zenye taka nyingi, na kila usafishaji unakuwa uhamishaji mkubwa.

Kidhibiti kina kazi nyingine, kusawazisha uchakavu. Kingeziachia bloku zilezile zipokee maandishi yote, zingekufa mapema huku jirani zake zenye picha zisizobadilika zikibaki kama mpya. Kwa hiyo huhesabu kila bloku imefutwa mara ngapi, huanza na zile zenye hesabu ndogo, na mara mojamoja huzihamisha hata hizo picha zilizolala, ili bloku yake changa iingie kazini na kuukuu ipumzike. Lakini kusawazisha hakuongezi uhai, ila kunaugawa sawasawa.

Turudi kwenye gari. Kila bloku ya kipande kile ilikadiriwa kuvumilia kufutwa mara 3,000. Kompyuta ya gari iliandika rekodi zake siku baada ya siku, na kwa makadirio kila bloku ilifutwa mara 1.4 kwa siku. Gawa 3,000 kwa 1.4: siku 2,143, karibu miaka sita. Kusawazisha kulifanya kazi vizuri kiasi kwamba bloku zote zilikaribia mwisho wake pamoja. Tiba ilikuwa kipande cha gigabaiti 64. Bloku zikiongezeka mara nane kwa maandishi yaleyale, kila moja inafutwa mara 0.175 kwa siku, na hesabu ileile inatoa zaidi ya miaka 40.

Ukitumia Linux na SSD ya aina ya NVMe, unaweza kuisoma hali yako mwenyewe:

```
sudo smartctl -a /dev/nvme0
```

Tafuta mstari wa `Percentage Used`. Unaonyesha asilimia ya uhai wa kuandikwa iliyokwisha kutumika kwa makadirio ya mtengenezaji, na unaweza hata kupita 100, kwani baadhi huendelea kufanya kazi baada ya hapo. Mstari wa `Data Units Written` huhesabu ulichoandika wewe, si nakala za kidhibiti, kwa vipimo vya baiti 512,000. Yangu, baada ya miaka minne ya kuandika makala na kuhifadhi picha, inasoma 6%.