Bei mbili za shamba moja

Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru anataka mkopo wa Sh2.5 milioni ili aongeze bidhaa. Ana nusu ekari ya shamba Njoro, yenye nyumba. Mthamini anayekubaliwa na benki anakagua mipaka na nyumba, kisha anaandika bei mbili: Sh5 milioni, ambayo ni bei ya soko, na Sh3.75 milioni, bei ya kuuza kwa haraka. Benki hupiga hesabu zake kwa bei ya pili. Hata hivyo, mwenye shamba aombe nakala ya ripoti nzima na aitunze, kwa sababu ile bei ya kwanza ndiyo itakayomtetea mambo yakiharibika.

Hati ya rehani husajiliwa katika ofisi ya ardhi baada ya kulipiwa ushuru wa stempu, asilimia 0.1 ya mkopo, yaani Sh2,500. Kwa kuwa hili ni shamba la kilimo, bodi ya kudhibiti ardhi lazima itoe kibali, la sivyo rehani ni batili. Na ikiwa nyumba hiyo ndiyo makao ya familia, mke au mume lazima aridhie kwa maandishi. Umiliki hauhami, benki inashika hatimiliki tu.

Akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, Sheria ya Ardhi ya 2012 inairuhusu benki kumpa notisi ya miezi mitatu. Ikipita bure, inafuata notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza, ambayo mwenzi wake pia hupewa. Kisha dalali anatoa notisi yake ya siku 45. Muda huo wote anaweza kulipa deni na kuokoa shamba, mradi nyundo ya mnada haijagonga.

Kinachouzwa ni ardhi pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Saruji na mabati ya dukani hayamo, isipokuwa yaliwekwa dhamana kwa mkataba mwingine.

Sasa deni limefika Sh3.1 milioni na shamba linanunuliwa kwa Sh3.4 milioni. Benki imepata chake chote; mwenye shamba anabaki na Sh300,000, na humo gharama za mnada bado hazijakatwa. Hapa ndipo watu wengi huumia kimya. Sheria inaidai benki itafute bei bora inayowezekana, na ardhi ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, benki huchukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Sh3.4 milioni ni asilimia 32 chini. Lakini anayetaka kuzuia mnada aende mahakamani kabla haujafanyika, kwa sababu sheria humlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Baada ya hapo, mwenye shamba anaweza kuidai benki fidia tu.