Siku Isiyokuwamo Katika Kalenda

Mwaka 1689 mshairi wa Kijapani Matsuo Basho alifika chini ya mlima mtakatifu wa Nikko, akalala kwa mwenye nyumba ya wageni aliyesifika kwa uaminifu hata watu wakampa jina la Buddha. Kitabu chake kinasema ilikuwa tarehe 30 ya mwezi wa tatu. Kuna kasoro moja tu. Kwa kalenda ya Wajapani ya wakati ule, mwezi wa tatu wa mwaka huo uliishia tarehe 29. Usiku huo haukuwepo. Kwa nini usiku wa kubuni uwekwe kwa mtu mwaminifu kuliko wote kitabuni, Basho hakueleza.

Kosa la kalenda? Huenda tungeridhika na jibu hilo, lakini Basho hakusafiri peke yake. Alifuatana na mwanafunzi wake, Kawai Sora, naye Sora alikuwa na shajara. Kila siku aliandika walipoondoka na walipofika, mvua ilinyesha au haikunyesha, walilala kwa nani. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1943, miaka zaidi ya 240 baada ya kitabu cha mwalimu wake kutoka mwaka 1702. Tangu hapo wasomaji wana maandishi mawili ya safari moja: ya kwanza yanatueleza walipita wapi, ya pili yanatueleza safari ilimfanya nini mtu. Mwenye daftari lililojaa tarehe na majina ya stesheni, akitamani litoke humo andiko lenye roho, atajifunza mengi kwa kuyaweka mawili haya kando kwa kando.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Walitoka Edo, ambayo leo ni Tokyo, wakapanda kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, wakavuka milima hadi pwani ya magharibi, kisha wakateremka mpaka mji wa Ogaki: takriban kilomita 2,400 kwa miezi mitano, sehemu kubwa kwa miguu. Basho aliifanyia kazi simulizi yake karibu mpaka alipofariki mwaka 1694. Kitabu kilichotoka ni chembamba, cha kusomwa kwa jioni moja. Miaka ile yote, basi, haikutumika kuongeza maneno.

Sisi wa Kiswahili shajara ya Sora haitushangazi. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko uliotolewa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901, yumo Selim bin Abakari, mtu wa Komoro, anayesimulia alivyofuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Anaeleza miji, watu na desturi zao, kwa jicho kali. Lakini Velten alikuwa mwalimu wa lugha na mkusanyaji wa desturi, na mtu huvuna alichokipanda. Kama Selim alirudi akiwa mtu mwingine, hilo halikuwa swali aliloulizwa.

Turudi Nikko, tuone tarehe ya uongo ilimfaa nini Basho. Kwa mujibu wa Sora walifika tarehe 1 ya mwezi wa nne, wakaenda hekaluni siku hiyohiyo, wakalala. Ni siku ya kawaida ya msafiri: uchovu, mvua, ibada, usingizi. Lakini tarehe 1 ya mwezi wa nne ndiyo siku ambayo majira ya kiangazi yalianza kwa kalenda yao, siku ambayo watu walivua nguo za baridi na kuvaa nyepesi. Basho aliwafikisha chini ya mlima usiku wa kuamkia siku hiyo, ili kupanda mlimani kuangukie siku ya kubadili mavazi. Kisha akaweka hapo shairi la Sora kuhusu kubadili mavazi, pamoja na habari kwamba Sora alikuwa amenyoa kichwa na kuvaa vazi la mtawa asubuhi ya kuondoka Edo. Majira, nguo na maisha ya mtu vikabadilika kwa pamoja. Shajara inasema walifika. Kitabu kinasema walivuka.

Hapo panaonekana jambo ambalo daftari haliwezi kulifanya lenyewe. Daftari hupanga mambo kwa jinsi yalivyofuatana, na kufuatana si sababu. Ukiandika kwamba Jumanne ulikuwa Kigoma na Jumatano ukapanda meli, msomaji hajui bado kwa nini Jumatano ni muhimu. Basho alijiuliza ni lini hasa mtu aliacha kuwa mwenyeji wa Edo akawa msafiri, akatafuta siku inayobeba jibu. Alipoikosa, aliitengeneza. Tutaona baadaye kama tunaruhusiwa kumwiga.

Mfano wa pili una faida zaidi kwetu, kwa sababu hapo hakubuni kitu. Wakiwa kwenye bonde la mto Mogami, msimu wa mvua, Basho na Sora walikaribishwa Oishida na mtu mwenye shughuli za usafiri wa mtoni. Nyumba yake ilikuwa karibu na maji. Ilikuwa ada kwa mgeni mshairi kufungua mkutano wa mashairi kwa beti ya salamu, na Basho akatunga beti inayosema mto umezikusanya mvua za msimu, ukaleta ubaridi mzuri. Ni adabu tupu: anausifu mto kwa sababu unapita mbele ya nyumba ya mwenyeji. Mgeni aliyeshiba husifu baraza.

Siku chache baadaye alipanda mashua kwenye mto huohuo. Ulikuwa umefura, unapita kati ya milima, na yeye mwenyewe anasema chombo kilikuwa hatarini. Katika kitabu, beti ileile imerudi, karibu yote kama ilivyokuwa, ila neno la ubaridi limeondoka na mahali pake pamekaa kasi. Mto uliotazamwa kutoka sebuleni umekuwa mto uliombeba mtu. Hakuna sentensi inayosema kwamba aliogopa, wala kwamba mto ulimfundisha chochote. Badiliko la ndani ni umbali ulioko kati ya neno la kwanza na la pili.

Hiki ndicho ninachokiona kuwa kiini cha kazi yote hii. Maandishi ya safarini si malighafi ya kusafishwa tu. Ni ushahidi wa mtu uliyekuwa siku ile. Ukirudi nyumbani ukayasahihisha ili yalingane na unachokijua leo, umemfuta shahidi. Njia ya kazi ni rahisi kuieleza, ingawa inachosha kuifanya. Acha daftari kama lilivyo, hata pale linapokuaibisha. Chukua karatasi nyingine, uandike upya matukio machache bila kulitazama. Kisha uyalinganishe. Mahali ambapo maandishi mawili yanakubaliana, mara nyingi pana ratiba tu. Yanapogombana, kwa mfano uliandika kwamba mwenyeji alikuwa mchoyo na sasa unamkumbuka kuwa maskini, ndipo makala ilipo. Msomaji akionyeshwa hukumu zote mbili kwa mpangilio wake, ataona mwenyewe kilichobadilika. Sentensi inayotangaza kwamba safari ilikufungua macho haitahitajika, na hilo peke yake ni huduma kwa jamii.

Kuna mtego hapa, na Basho anauonyesha pia. Masimulizi ya kubadilika hupenda kupanda ngazi: nilikuwa mjinga, nikasafiri, nikawa na hekima. Karibu na mwisho wa njia, katika kituo cha Ichiburi, Basho anasikia kupitia ukutani sauti za wanawake wawili makahaba kutoka Niigata wanaokwenda kuhiji Ise. Asubuhi wanamwomba, kwa machozi, wamfuate kwa mbali, kwa kuwa vazi lake ni la mtu wa dini. Anakataa. Anawaambia wawafuate wasafiri wengine, miungu itawalinda, kisha anaondoka na huruma isiyomtoka. Baada ya miezi ya mahekalu na makaburi, mtu huyu hajawa mwema kuliko alivyotoka. Amejua tu mpaka wake uko wapi. Ukurasa huo unaaminika kwa sababu mwandishi hashindi.

Isipokuwa huenda kisa hicho hakikutokea. Basho anasema alimsomea Sora shairi la usiku ule na Sora akaliandika. Shajara ya Sora inataja Ichiburi, lakini haina wanawake wala shairi. Watafiti wengi wanaona kisa kimetungwa, kwa kuwa mkufu wa mashairi ya Kijapani ulidai uwe na mahali pa mapenzi, na kitabu kilikuwa kimekaribia mwisho bila hilo. Kumtaja karani wako kama shahidi wa kitu ambacho karani hana habari nacho kunahitaji ujasiri, au imani kwamba karani hatachapishwa.

Je, nasi tubuni? Nadhani hapana, wala si kwa sababu tu ya uadilifu. Wasomaji wa Basho walijua kwamba nathari ya aina yake ni ndugu wa ushairi. Hawakuifungua kama taarifa. Msomaji wa makala ya safari leo anaamini kwamba mtu anayetajwa yupo na siku inayotajwa ilikuwepo, na imani hiyo ndiyo inayomfanya ajali kilichokupata moyoni. Ukiivunja, hata badiliko lako la kweli litaonekana pambo.

Na vifaa vya halali vinatosha. Unaweza kuacha: miezi mitano iliingia katika kitabu chembamba kwa sababu siku nyingi zilipita bila neno. Unaweza kugawa nafasi bila usawa, juma zima kwa mstari mmoja na robo saa ya mashua kwa ukurasa. Unaweza kuvunja mpangilio wa tarehe, mradi useme wazi unaporuka. Na unaweza, kama pale Mogami, kuliweka neno la siku ile mbele ya neno la leo. Kipimo ni kimoja: panga upya aya zako kwa tarehe. Kama hakuna kilichoharibika, bado una ratiba mkononi, hata uwe umeipamba vipi.

Basho alikuwa na bahati ya kufuatana na Sora, kwa sababu Sora alinyamaza kwa zaidi ya karne mbili. Simu iliyo mfukoni mwetu hupiga picha, huweka saa na mahali, na shajara yake inaweza kusomwa na yeyote jioni hiyohiyo. Tarehe 30 ya kubuni ingegunduliwa kabla ya chakula cha usiku.