Balbu Mbovu na Mti Wake wa Hesabu

Msambazaji mmoja wa balbu hupokea mzigo kutoka viwanda vitatu na kuuchanganya katika ghala moja. Katika kila balbu 100, kiwanda A hutoa 1 mbovu, B hutoa 2, na C hutoa 5. Ukichukua balbu moja ghalani bila kuchagua, kuna uwezekano gani kwamba ni mbovu?

Wengi hujumlisha 1, 2 na 5, wakagawa kwa 3, wakapata asilimia 2.67. Hesabu hiyo ingefaa kama viwanda vingeleta mzigo sawa. Tuchukulie kwamba haviko sawa: A huleta nusu ya balbu zote, B asilimia 30, na C asilimia 20. (Takwimu zote hapa ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hesabu isisumbue.)

Sasa chora mti uliolala ubavu. Shina ni ghala. Matawi ya kwanza ni viwanda, na juu ya kila tawi andika sehemu yake ya mzigo. Kila tawi lichipue vijitawi viwili, cha balbu mbovu na cha balbu nzima.

```
ghala
 ├─ 0.50 ─ A ─┬─ 0.01 ─ mbovu : 0.005
 │            └─ 0.99 ─ nzima : 0.495
 ├─ 0.30 ─ B ─┬─ 0.02 ─ mbovu : 0.006
 │            └─ 0.98 ─ nzima : 0.294
 └─ 0.20 ─ C ─┬─ 0.05 ─ mbovu : 0.010
              └─ 0.95 ─ nzima : 0.190
```

Ukifuata njia moja kutoka shinani hadi nchani, unazidisha. Sababu inaonekana vizuri ukifikiria balbu 10,000: 5,000 zimetoka A, na asilimia 1 ya hizo ni 50. Kwa B ni 60 kati ya 3,000, na kwa C ni 100 kati ya 2,000. Njia zote zinazoishia kwenye ubovu unazijumlisha, kwa kuwa balbu moja haiwezi kutoka viwanda viwili. Jumla ni 210 kati ya 10,000, yaani asilimia 2.1. Hiyo ndiyo kanuni ya uwezekano jumla, na wanahisabati huiandika hivi:

P(M) = P(A)P(M|A) + P(B)P(M|B) + P(C)P(M|C)

Herufi M ni balbu mbovu, na kile kistari kilichosimama kisome "ikiwa": P(M|A) ni uwezekano wa ubovu ikiwa balbu imetoka A. Ukitaka kujua kama umekosea, jumlisha namba za nchani zote sita. Zisipofika 1 kamili, kuna tawi lenye kasoro.

Kinachowashangaza hata mameneja ni kwamba asilimia 2.1 inategemea mchanganyiko wa ghala kama inavyotegemea viwanda. Tuseme mwaka unaofuata kila kiwanda kinapunguza ubovu kwa sehemu moja ya kumi: A sasa ni asilimia 0.9, B 1.8, na C 4.5. Lakini bei ya C imeshuka, na msambazaji ananunua kwa wingi zaidi huko: A 4,000, B 2,000, C 4,000. Balbu mbovu zinakuwa 36, 36 na 180, jumla 252. Viwanda vyote vimeboreka, ghala limeharibika. Anayesoma jumla peke yake atawalaumu mafundi wa viwandani, ilhali mabadiliko yalifanyika kwenye oda.

Kanuni hii ina sharti moja lisilosameheka: matawi yamalize vyanzo vyote. Soko likiwa na balbu bandia zenye nembo ya kuiga na ubovu mwingi zaidi, hilo ni tawi la nne, na mti wenye matawi matatu utatoa jibu la chini mno bila kukuonya.

Dalili ya tawi lililosahauliwa huonekana kwenye balbu zinazorudishwa. Rudi kwenye mti wa kwanza: katika balbu 1,000 zilizochanganywa vizuri na kupelekwa duka moja tunatarajia mbovu kama 21, na kwa bahati tu idadi hiyo mara nyingi itacheza kati ya 12 na 30. Zikirudi 40, bahati si maelezo ya kutosha. Hapo anza kwa kuhesabu makasha kwa nembo, maana huenda duka hilo lilipewa zaidi mzigo wa C. Kama mgawanyo ni ule ule wa 50, 30 na 20, zipange zile 40 kwa kiwanda. Kutoka A tulitarajia kama 5. Zikiwa 24, basi ama A yenyewe imeteleza, ama kuna anayeazima nembo yake, na namba za toleo zilizochapwa kwenye kitako cha balbu, zikilinganishwa na daftari la kiwanda, zitasaidia kuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili.