Miti miwili kuwa mmoja

Katika mti wa utafutaji wenye matawi mawili, namba ndogo kuliko ya nodi hukaa kushoto kwake na kubwa hukaa kulia. Mti wa kwanza una mzizi 40, wenye 20 kushoto na 60 kulia. Wa pili uliingizwa 10, 30, 50, 70 kwa mfuatano huo, kwa hiyo umeinama wote kulia kama kamba.

Kuhamisha namba mojamoja kunaweza kuzaa kamba nyingine. Njia salama zaidi ni kuupitia kila mti kushoto, nodi yenyewe, kisha kulia. Namba hutoka zikiwa zimepangwa: safu ya 20, 40, 60 na ya 10, 30, 50, 70. Kisha vichwa vya safu hizo hulinganishwa, kilicho kidogo huchukuliwa, na safu moja ikiisha, mabaki ya nyingine huongezwa. Hapa ndipo wengi huteleza: wakiyasahau mabaki, 70 hupotea kimyakimya. Kuhesabu nodi kabla na baada hufichua kosa hilo.

Safu mpya, 10 hadi 70, hukatwa katikati. 40 huwa mzizi. 10, 20, 30 huenda kushoto, na katikati yake, 20, huwa mtoto. Upande wa kulia 60 hupata nafasi hiyo. Mti huwa na ngazi tatu tu.

Kila namba hushughulikiwa mara chache, hivyo muda hukua sambamba na jumla ya nodi. Gharama yake ni kumbukumbu: safu hizo lazima zihifadhi namba zote.