Hisa za Benki Nne Bado Ni Dau Moja

Wawekezaji wa Karatu na Ngorongoro wamezoea kuuliza wanunue hisa za kampuni gani ya nne au ya tano ili kutawanya hatari. Swali lenyewe limekosewa, kwa sababu wingi wa majina haupimi hatari. Mwenye CRDB, NMB, DCB na Mkombozi ana dau moja, kama mkulima wa Mang'ola aliyepanda vitunguu kwenye mashamba manne akajiona ana mazao manne. Benki Kuu ilipopandisha riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6 Aprili 2024, haikubagua benki. Na hata kuvuka sekta kunaweza kudanganya. Aprili 2020, Tanzania iliposimamisha ndege za abiria za kimataifa, loji za Karatu zilikosa wageni na Swissport, inayohudumia ndege viwanjani, ikakosa ndege. Mwongoza watalii aliyeweka akiba yake Swissport alikuwa amefungia mshahara na akiba nyuma ya mlango mmoja.

Dawa ni kikomo kinachopimwa kabla ya kila agizo. Tuseme mkoba una shilingi milioni 10: CRDB milioni 2.4, NMB 1.4, Swissport 1, Twiga 0.8, na taslimu 4.4. Vikomo ni asilimia 25 kwa kampuni moja na 40 kwa sekta. Mwenye mkoba anataka NMB ya shilingi 600,000. Kwa kampuni anapita, maana NMB itafika asilimia 20 tu. Kwa sekta anakwama: benki zitafika asilimia 44. Nafasi iliyobaki ni shilingi 200,000. Tena, kama ana agizo la DCB la 150,000 ambalo bado halijapata muuzaji, nalo lihesabiwe, hivyo kiasi halali ni 50,000. Kuyasahau maagizo yanayosubiri ndilo kosa linalovunja vikomo vingi kimyakimya.

Wapo wanaosema watakagua mwisho wa mwezi. Katika soko la Dar es Salaam hisa nyingi hukosa wanunuzi kwa siku kadhaa. Ukizidisha leo, huna hakika ya kupunguza kesho bila kushusha bei. Wengine wanadai kikomo hukata faida ya hisa inayopanda. Hakikati: bei ikiisukuma sekta hadi asilimia 45, hulazimiki kuuza, unafunga ununuzi mpya tu.

Basi andika vikomo kabla ya kufungua Hisa Kiganjani au kumpigia dalali, maana cha kwako hakuna atakayekulindia. Anayeishi kwa utalii aweke kikomo cha sekta hiyo chini kabisa, hata sifuri. Pesa iliyokataliwa iende hatifungani za serikali, vipande vya UTT (ukikagua kwanza mfuko umejaza hisa zipi), au ibaki taslimu.